Mdosi Hakukupa Mkataba wa Kuandikwa? Pole Yake, Mzigo wa Kuthibitisha ni Wake

Kama umewahi kuchapa kazi Malaba ama Busia, unajua vile kazi hupatikana huko. Msee anakuambia kuna yadi ya malori inatafuta klaki, unaenda, mdosi anakuangalia juu chini, anasema "nitakuwa nakupa thao ishirini, uanze kesho." Mnasalimiana kwa mkono, imeisha hiyo. Hakuna karatasi. Miezi inasonga, doo inaanza kupungua, na ukiuliza unaambiwa "hatukuelewana hivyo."

Wengi hapo huachilia. Wanajiambia, "Sina mkataba, nitaenda koti na nini?" Hiyo ndiyo rada mbaya kabisa, na tutaona ni kwa nini.

Sheria inasema nini

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inatambua mkataba wa mdomo. Mkisikizana kwa maneno tu, bado ni mkataba. Lakini Kifungu cha 9 kinasema kazi ya miezi 3 na zaidi lazima iandikwe, na anayefaa kuhakikisha imeandikwa ni mwajiri, si wewe. Kifungu cha 10 kinataja vitu vya kuwekwa kwa hiyo karatasi: majina, aina ya kazi, siku ya kuanza, mshahara na vile unahesabiwa, saa za kazi, likizo na kadhalika. Unafaa kuwa umeipata kabla miezi 2 iishe tangu uanze. Na kama hujui kusoma, ama hiyo lugha ya mkataba hukuelewi, lazima uelezewe kwa lugha unayoelewa kabla uweke sahihi ama kidole.

Sasa shika hii. Kawaida kotini, anayedai ndiye anathibitisha. Kifungu cha 10(7) kinageuza hiyo meza. Kesi ikifika na mwajiri ashindwe kutoa mkataba wa kuandikwa, basi yeye ndiye anabeba mzigo wa kuthibitisha ama kupinga yale masharti unasema mlikubaliana. Yaani mdosi hawezi kukosa kukupa karatasi halafu atumie hiyo kukosa kwa karatasi kukuruka.

Tuichukue kwa ground

Tuseme wewe ni klaki wa yadi ya kuegesha malori Malaba. Uliajiriwa Juni 2024 kwa mdomo, shilingi 20,000 kwa mwezi. Juni na Julai ukalipwa 20,000 kwa M-Pesa. Kutoka Agosti ikawa 15,000, stori ni "foleni ya malori imepungua." Ukavumilia mpaka mwisho wa Septemba 2025, ukafutwa. Hiyo ni miezi 14 ya kulipwa pungufu kwa 5,000, jumla 70,000.

Mdosi akijibu, anasema mlikubaliana 15,000, na ile 5,000 ya miezi ya kwanza ilikuwa bonasi tu. Kama kungekuwa na mkataba, angeutoa ungeisha hapo. Hana. Kwa hivyo yeye ndiye anafaa kuonyesha hiyo bonasi ilitoka wapi na 15,000 iliandikwa wapi. Tena kuna Kifungu cha 10(5): masharti yakibadilika, mwajiri anafaa kushauriana na wewe, arekebishe mkataba, na akujulishe kwa maandishi. Kukata mshahara kimyakimya si kubadilisha mkataba.

Lakini usilale, kuna kazi yako pia

Hapa ndipo wasee wengi huanguka. Kifungu cha 10(7) kinaongea kuhusu masharti ya kazi. Hakithibitishi kwamba uliajiriwa. Mdosi akisema "huyu simjui, alikuwa anapita tu kwa yadi," wewe ndiye unafaa kuonyesha kwanza kwamba ulikuwa mfanyakazi wake. Ukishindwa hapo, hata hamfiki kwa mshahara.

Kwa yadi, ushahidi uko mingi kuliko unavyodhani. Kuna kitabu cha malori kuingia na kutoka chenye mwandiko wako kila siku. Kuna risiti umewekea madereva sahihi. Kuna meseji za asubuhi, "fungua geti, kuna lori tatu zinakuja." Kuna msee wa yadi jirani na mama wa chakula ambao walikuona hapo kila siku na wanaweza kuja kusema. Na kubwa zaidi ni stetimenti ya M-Pesa: doo kutoka kwa mtu mmoja, karibu tarehe moja, kiasi kilekile, mwezi baada ya mwezi. Unaiitisha kupitia *334# ama programu ya Safaricom na inatumwa kwa barua pepe yako. Itoe mapema, kabla simu ipotee ama laini ibadilike.

Meseji za WhatsApp pia zinakubalika, lakini skrinshoti tupu inaweza kupingwa. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kinachoeleza zilitoka kwa simu gani na zilichapishwa vipi. Usifute mazungumzo yenyewe hata baada ya kuchapisha.

Kitu kingine: jua mwajiri wako ni nani. Mpakani utapata yadi ina jina moja kwa geti, risiti ina jina lingine, na mshahara unatoka kwa laini ya bibi ya mdosi. Ukishtaki jina la geti na si biashara iliyosajiliwa, kesi inaweza kuangukia hapo. Usajili wa biashara unaweza kuutafuta kupitia eCitizen kwa ada kidogo.

Na uwe spesifiki. "Alinionea miezi mingi" haisaidii. "Kutoka Agosti 2024 hadi Septemba 2025 nililipwa 15,000 badala ya 20,000" ndiyo koti inaweza kupima. Overtaimu ndiyo ngumu zaidi: taja siku na saa, la sivyo hilo dai huenda likatupwa hata kama mdosi hana karatasi.

Na kama ni kibarua cha kila siku?

Wapakiaji wa mizigo Busia hulipwa jioni na kuambiwa "wewe ni wa kutwa." Kifungu cha 37 kinasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi mmoja ama zaidi, anahesabiwa kama wa mwezi. Kulipwa jioni hakukufanyi kibarua milele.

Unaanzia wapi

Andika barua ya madai kwanza, weka nakala. Ukikataliwa, peleka lalama kwa afisa wa leba wa kaunti. Kama ulifutwa, fanya hivyo ndani ya miezi 3. Kama mshahara wako hauzidi 80,000 kwa mwezi, mahakimu wa Busia wanaweza kusikiliza kesi, si lazima uanzie Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Muda wa jumla ni miaka 3, lakini kwa madhara yanayojirudia kama kukatwa kila mwezi, sheria inataja miezi 12 tangu yakome. Kwa klaki wetu, asivuke Septemba 2026.

Na kama bado uko kazini bila karatasi, mtumie mdosi meseji leo: "Bosi, nathibitisha tulikubaliana 20,000 kwa mwezi, naanza saa moja hadi saa kumi na moja, na Jumapili ni ofu." Akijibu "sawa," umeshapata maandishi. Akinyamaza, bado una tarehe na maneno yako, na yeye bado hana mkataba.