Dola Mia Mbili Zinavyopungua Njiani

Mchora nembo wa Nairobi anayeuza kazi kwa dola 200 kupitia Fiverr huandikiwa dola 160. Jukwaa hilo humkata muuzaji asilimia 20, hata kwenye bakshishi, na mteja naye hutozwa ada yake juu ya bei. Makato haya angalau yako wazi. Yanayofuata ndiyo huwachanganya wengi.

Kwanza kodi. Mtu asiye raia wala mkazi wa Marekani hujaza fomu ya W-8BEN kuthibitisha hali yake. Kazi ya huduma iliyofanyiwa Kenya kwa kawaida haihesabiwi kuwa pato la Marekani, hivyo haipaswi kukatwa kodi ya huko. Ila fomu hiyo ina ukomo: huisha siku ya mwisho ya mwaka wa tatu baada ya mwaka iliposainiwa. Anayeona kodi imeanza kukatwa ghafla aanze kwa kuangalia tarehe hiyo. Kodi ya Kenya ni suala jingine, na fomu hiyo haiifuti.

Kisha kuna kutoa pesa. Tuseme kampuni ya malipo inatoza dola 3 kila mara pesa zinapotolewa, na dola moja sokoni ni shilingi 130, lakini kampuni hiyo inanunua kwa 126. Zinabaki dola 157, ambazo benki itazipokea kama shilingi 19,782. Ada ya dola 3 ni kama shilingi 390. Tofauti ya kiwango cha kubadilishia imekula shilingi 628, na haionekani popote kama ada. Ndiyo maana tangazo la "kutoa bila malipo" halitoshi kuaminiwa. Kipimo cha kweli ni shilingi zilizoingia, zigawanywe kwa dola zilizotoka, kisha jibu lilinganishwe na kiwango cha soko cha siku hiyo.

Njia ya SWIFT ina kasoro yake. Pesa hupitia benki moja au zaidi za kati, na kila moja inaweza kujikatia chake kabla ya kupitisha. Mtumaji akichagua OUR, gharama zinakuwa zake. Akichagua SHA, mpokeaji hubeba za njiani. Kiasi kikifika pungufu, mpokeaji aombe nakala ya ujumbe wa malipo wa SWIFT, ambayo huonyesha kiasi kilichotumwa na chaguo la gharama. Bila hiyo, ni vigumu kwa mtu wa dirishani kufuatilia.

Ada ya kila muamala huwaumiza zaidi wanaotoa kidogo kidogo. Dola 3 kwenye dola 40 ni asilimia 7.5, kwenye 400 hazifiki hata asilimia moja. Kusubiri salio likue kunapunguza ada hiyo, lakini hakugusi pengo la kiwango, kwa kuwa pengo hukua sambamba na kiasi. Hilo hupungua tu kwa kubadili kampuni ya malipo, au kwa kupokea dola kwenye akaunti ya dola na kuzibadilisha pale palipo na bei nzuri, mradi ada ya akaunti hiyo isimeze faida yenyewe.