Karatasi ya ekografi: 42 inatoka wapi?

Mzee wa Kamanyola akipanda gari mpaka Bukavu kupigwa ekografi ya prostati, anaweza kurudi na karatasi ya namba tatu: santimetre 5 × 4 × 4. Chini wameandika mililitre 42. Nyumbani wanauliza: 5 mara 4 mara 4 si ni 80?

80 ni ujazo wa sanduku. Prostati inafanana zaidi na mpira uliobanwa, haijazi pembe za sanduku. Kanuni yake ni V = 4/3 × π × a × b × c; a, b na c ni nusu ya kila kipimo, toka katikati hadi ukingoni. Hapa ni 2,5, 2 na 2. Zikizidishwa ni 10, na 10 mara 4,19 ni karibu 42. Mashini hutumia vipimo vizima mara 0,52, yaani π/6. Jibu ni lile lile. Lakini ukisahau kukata nusu kwenye kanuni ya kwanza, unapata 335, prostati ya kutisha bure!

Kama vipimo vyote vingekuwa 4, a, b na c zote zingekuwa r moja, na ingebaki kanuni ya mpira ya shuleni, 4/3 × π × r³: mililitre 33,5.

Basi prostati si mpira kamili, na mkono wa mpimaji unacheza. Kipimo kimoja cha 4 kikisomwa 4,4, ile 42 inakuwa 46, na prostati haijakua hata kidogo.