Vipimo Viwili vya Mshahara Mmoja

Msimu wa bajeti ya mishahara ukifika, mchambuzi huanza na kipimo kiitwacho kompa-reshio. Hesabu yake ni nyepesi: mshahara wa mtu unagawanywa kwa kiwango cha kati cha daraja lake. Jibu likiwa 1.00, analipwa sawasawa na kile ambacho kampuni inaona ndiyo bei ya kazi hiyo sokoni. Likiwa 0.80, yuko chini yake kwa asilimia 20.

Chukua mfano wa kubuni. Daraja la karani wa ghala linaanzia shilingi 800,000 na kuishia 1,200,000, kwa hiyo katikati ni 1,000,000. La mhandisi ni pana zaidi: 2,000,000 hadi 4,000,000, katikati 3,000,000. Karani analipwa 800,000, mhandisi 2,400,000. Wote wawili wana 0.80, na meneja mwenye haraka atawapa nyongeza ileile.

Hapo ndipo kinapohitajika kipimo cha pili, mpenyo wa daraja, kinachoonyesha mtu ameingia kiasi gani kutoka chini kwenda juu. Toa kima cha chini kwenye mshahara, kisha gawanya kwa tofauti ya kima cha juu na cha chini. Mhandisi ana 400,000 juu ya kima cha chini, ndani ya upana wa 2,000,000: asilimia 20. Karani ana sifuri. Huyu amekaa sakafuni, mwenzake ameshapanda. Kompa-reshio haiwezi kuonyesha tofauti hiyo kwa sababu haijui upana wa daraja, inajua katikati tu.

Sifuri hiyo ni ya kuangaliwa sana pale kampuni inapopandisha madaraja yenyewe. Tuseme soko limepanda, na madaraja yote yakasogezwa kwa asilimia 5, lakini bajeti inaruhusu nyongeza ya asilimia 3 tu. Karani sasa anapata 824,000, nacho kima kipya cha chini ni 840,000. Ameongezwa, na bado ametoka nje ya daraja lake. Kompa-reshio yake inashuka kutoka 0.80 hadi karibu 0.785, badiliko dogo ambalo jicho lililochoka hulipita. Mpenyo wake unakuwa hasi, na alama ya kutoa kwenye jedwali haijifichi. (Kwa maoni yangu, hiyo peke yake inatosha kuupa safu yake.)

Kwa hiyo mchambuzi makini hugawa bajeti kwa mpangilio. Kwanza anatenga fedha za kuwarudisha walio chini ya kima. Makarani 20 wa namna hii, kila mmoja akipungukiwa 16,000 baada ya nyongeza, wanahitaji 320,000 kwa mwezi, yaani 3,840,000 kwa mwaka. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa kwa asilimia za utendaji.