Kuzunguka Pembe Zote za Mchemraba

Chukua diski iliyofungwa kwenye ekseli ya mota na kugawanywa sehemu nane. Kila sehemu imeandikwa tarakimu tatu za 0 au 1, na vihisi vitatu huzisoma ili mashine ijue ekseli imefika wapi. Ukihesabu kwa utaratibu wa kawaida, baada ya 011, yaani tatu, inakuja 100, yaani nne. Hapo tarakimu zote tatu zinabadilika kwa pamoja. Vihisi havilingani kikamilifu, kwa hiyo kwa kitambo kidogo mashine inaweza kusoma 111, ikaamini kwamba ekseli imeruka hadi saba.

Dawa yake ni kupanga namba hizo ili kila hatua ibadilishe tarakimu moja tu. Chora nukta kwa kila namba, kisha unganisha zile zinazotofautiana kwa tarakimu moja. Utapata mchemraba: pembe 8, kingo 12. Kwa tarakimu nne utapata pembe 16 na kingo 32; umbo hilo halishikiki mkononi, lakini kanuni haibadiliki. Grafu za namna hii huitwa haipakyubu. Diski yetu inahitaji njia inayopita kila pembe mara moja tu na kurudi ilikoanzia, yaani mzunguko wa Hamilton.

Frank Gray, mtafiti wa Bell Labs nchini Marekani, aliweka mpangilio huo katika ombi la hataza la mwaka 1947. Anza na 0, 1. Iandike orodha hiyo, kisha iandike tena kinyumenyume. Nusu ya kwanza itangulizie 0, ya pili 1: 00, 01, 11, 10. Rudia:

```
000 001 011 010 110 111 101 100
```

Tazama katikati, 010 na 110. Nusu ya pili inaanza pale pale ya kwanza ilipoishia, hivyo kilichobadilika ni tarakimu mpya peke yake. Ndivyo ilivyo pia kutoka 100 kurudi 000.

Je, tukitaka sehemu saba? Haiwezekani, na sababu yake inapendeza mno. Hesabu zile 1: 000, 011, 101 na 110 zina idadi shufwa, nne zilizobaki zina witiri. Kila ukingo hukuvusha kutoka kundi moja hadi jingine, kamwe si ndani ya kundi lako. Kurudi nyumbani kunadai hatua za idadi shufwa.

Sita zinawezekana: ondoa namba ya kwanza na ya mwisho. Zinabaki 001 hadi 101, nazo zinapishana kwa tarakimu moja. Kwa nyuzi 360, chukua tarakimu tisa zenye namba 512, ukate 76 mwanzoni na 76 mwishoni. Mzunguko bado unafunga. Lakini diski ya sehemu 365 haitapatikana kwa njia hii, hata ukiongeza tarakimu mia.