Unga wa Mchele Unaoipima Maabara

Kuna chupa ndogo ya unga mweupe inayouzwa na taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST. Ndani yake mna gramu 50 tu za unga wa mchele, na haujaandaliwa kwa ajili ya chakula. Unaitwa SRM 1568b, na thamani yake iko kwenye cheti kinachoandamana nao. Cheti hicho kinaeleza, miongoni mwa mambo mengine, kwamba jumla ya aseniki katika unga huo ni miligramu 0.285 kwa kilo, na mbele ya tarakimu hiyo pameandikwa ± 0.014.

Aseniki ni sumu iliyomo ardhini kiasili. Mpunga huivuta kuliko nafaka nyingi kwa sababu hukua kwenye majaruba yaliyojaa maji, na udongo unapokosa hewa aseniki huachia na kuyeyuka majini. Ndiyo maana maabara za chakula hupima mchele. Lakini nani anaipima maabara yenyewe?

Kurudia kipimo hakutoshi. Mizani ya dukani inayopunja gramu 50 itampunja mteja kiasi kilekile asubuhi na jioni, na majibu yake yatafanana vizuri kabisa. Kosa la namna hiyo, linalovuta majibu yote upande mmoja, wataalamu huliita mwegemeo. Haliondoki kwa kupima mara nyingi zaidi, wala halijitokezi mpaka pawe na kitu ambacho kiasi chake kinajulikana kutoka nje ya maabara. Sampuli rejea yenye cheti ndiyo kitu hicho. Hupitishwa katika hatua zilezile za sampuli ya mteja: hupimwa kwenye mizani, huyeyushwa kwa asidi ya nitriki chini ya joto na mgandamizo, huongezwa maji safi, kisha husomwa na mashine.

Kabla ya kufika kwenye mashine, mpimaji anapaswa kujua namna ya kukisoma cheti. Alama ya ± 0.014 haimaanishi kwamba unga umechanganywa ovyo, wala haimpi kila mpimaji ruhusa ya kukosea kwa kiasi hicho. Inaeleza shaka iliyobaki kwa walioutoa cheti: kwa kadiri walivyopima, thamani halisi inaaminika kuwa kati ya 0.271 na 0.299. Mpaka huo kwa kawaida umeshapanuliwa, mara nyingi kwa kuzidisha shaka ya msingi kwa 2, ili uaminike kwa takriban asilimia 95. Kizidisho hicho hutajwa ndani ya cheti. Kikiwa 2, shaka ya msingi ni nusu ya 0.014, yaani 0.007, na hiyo ndiyo inayoingia kwenye hesabu.

Tuchukue mfano wa maabara ya kubuni. Mpimaji ameyeyusha vipimo sita vya unga huo, kila kimoja peke yake, akapata 0.262, 0.270, 0.258, 0.266, 0.273 na 0.261. Wastani ni 0.265. Majibu yamekaribiana, na anayeyaona kwa mara ya kwanza angeridhika. Swali ni kama pengo la 0.020 kati ya wastani huo na cheti linaweza kuelezwa na shaka za pande zote mbili, au ni kubwa mno.

Shaka ya upande wa maabara hupatikana kutokana na mtawanyiko wa majibu sita, ambao hapa ni kama 0.0057. Ukigawanywa kwa kipeuo cha pili cha 6, shaka ya wastani inakuwa 0.0023. Shaka mbili hazijumlishwi moja kwa moja. Kila moja huzidishwa kwa yenyewe, majibu yakajumlishwa, kisha kikatafutwa kipeuo:

```
√(0.007² + 0.0023²) ≈ 0.0074
2 × 0.0074 ≈ 0.015
```

Pengo la 0.020 limezidi 0.015. Njia ya maabara hii ina mwegemeo: inasoma chini kwa takriban asilimia 7, na bahati mbaya ya siku moja haitoshi kueleza hilo.

Hapo ndipo kazi ya upelelezi inapoanza, na mahali pa kwanza pa kutazama ni cheti chenyewe. Thamani za unga huu zimetolewa kwa uzani mkavu. Unga wa mchele hunyonya unyevu wa hewa, hasa katika mji wa pwani, hivyo sehemu ya kilichowekwa kwenye mizani ilikuwa maji. Dawa yake ni kuchukua kiasi kingine cha unga, kukipima, kukikausha kwa utaratibu uliotajwa kwenye cheti, na kukipima tena. Tuseme kimepoteza asilimia 6. Basi 0.265 hugawanywa kwa 0.94 na kuwa 0.282. Pengo limebaki 0.003, na njia ya upimaji haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye uzani.

Kama unyevu usingeeleza pengo hilo, upande ambao majibu yameegemea ungetoa dokezo. Sehemu kubwa ya aseniki ya unga huu imefungamana na kaboni, na umbo hilo ni gumu kuvunjika. Mashine zinazoigeuza aseniki kuwa gesi kabla ya kuisoma haziligeuzi kikamilifu lisipovunjwa kwanza, na majibu hushuka. Mashine zinazotenganisha atomi kwa uzani katika plazima ya agoni zina tatizo la upande wa pili. Agoni yenye uzani wa 40 ikiungana na klorini ya 35 hutoa 75, uzani uleule wa aseniki, na majibu hupanda. Ndiyo sababu wapimaji hukwepa asidi ya hidrokloriki hapo, au hutumia gesi ya heliamu kuchuja muungano huo.

Jaribio hili lina mpaka wake. Iwapo majibu ya maabara yametawanyika sana hata shaka ya wastani ikafika 0.010, hesabu ileile ingetoa kikomo cha 0.024, na pengo la 0.020 lingepita bila kuonekana. Maabara ya ovyo ingefaulu pale maabara makini iliposhindwa. Kwa hiyo mtawanyiko huangaliwa kwanza, kisha mwegemeo.

Mpaka mwingine uko kwenye mstari wa cheti unaosomwa. Kikomo cha Codex cha mwaka 2014 kwa mchele uliokobolewa na kusafishwa, miligramu 0.2 kwa kilo, kinahusu aseniki isiyofungamana na kaboni, ambayo ndiyo yenye sumu kali zaidi. Cheti cha SRM 1568b kina mstari wake wa umbo hilo: 0.092 ± 0.010. Unga uleule unaoonekana kuvuka kikomo kwa jumla yake ya 0.285 uko chini ya nusu ya kikomo kwa umbo linalodhibitiwa. Maabara iliyopata 0.282 imethibitisha njia yake ya kupima jumla, katika mchele, karibu na kiwango hicho. Ikitaka kumwambia mfanyabiashara kwamba shehena yake imekidhi kikomo cha Codex, italazimika kuyatenganisha maumbo ya aseniki bila kuyabadilisha, na kulipitisha jaribio upya dhidi ya 0.092.