Kwa nini kidonge cha usingizi na pombe havikai pamoja

Wasikilizaji wetu huuliza jambo hili kwa namna mbalimbali. Mmoja anasema mzee wake amepewa vidonge vya usingizi, lakini jioni haachi kikombe chake cha gongo. Mwingine anasema pombe peke yake haimlazi tena, kwa hiyo huongezea kidonge. Wa tatu anauliza kwa mshangao: kama pombe inaleta usingizi na kidonge kinaleta usingizi, ubaya uko wapi? Si mtu atalala tu vizuri zaidi?

Ubaya ni kwamba vitu hivi viwili havimfanyi mtu alale vizuri zaidi. Humzamisha. Na anayezama hivyo huonekana kama mtu aliyelala, ndiyo maana wengi hufia kitandani huku ndugu wakiwa chumba cha pili.

Hapa tutazungumzia zaidi diazepamu, ambayo wengi huijua kwa jina la valiamu, kwa kuwa ndiyo inayopatikana sana katika vituo vyetu vya afya na madukani. Hutolewa kwa mtu mwenye wasiwasi mkubwa, mwenye degedege, au aliyekosa usingizi kwa muda.

Breki mbili kwa wakati mmoja

Ubongo una kemikali yake ya kutuliza, iitwayo gaba. Kazi yake ni kama breki ya pikipiki: bila breki, ubongo ungekwenda kasi mpaka mtu apate degedege. Diazepamu haileti breki mpya. Inachofanya ni kuipa nguvu ile breki iliyopo, ili mguu mdogo ukanyage kwa uzito mkubwa.

Pombe nayo hukanyaga breki hiyohiyo, ila yenyewe hufanya na jambo la pili: hubana kemikali nyingine inayouamsha ubongo. Ni sawa na mtu anayekanyaga breki huku akifunga mafuta. Ukiweka kidonge juu ya pombe, breki imekanyagwa mara mbili na mafuta yamefungwa. Chombo hakipungui mwendo tu. Kinaweza kuzimika.

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Mtu mzima mwenye afya akimeza kidonge kimoja au viwili vya diazepamu peke yake, ni nadra kupumua kwake kusimama. Akinywa pombe peke yake kwa kiasi, huamka asubuhi na maumivu ya kichwa. Kwa kuwa amewahi kufanya kimoja, na kingine pia, siku tofauti, huamini kwamba anavimudu vyote viwili. Lakini kipimo kilichokuwa salama peke yake kinaweza kuua kikikutana na kingine.

Kinachotokea kwenye pumzi

Ukiwa macho hukumbuki kupumua, na ukilala hukumbuki vilevile. Kazi hiyo hufanywa na sehemu ya chini ya ubongo, pale unapoungana na uti wa mgongo. Sehemu hiyo hupima hewa ukaa iliyomo kwenye damu. Hewa hiyo ikizidi kidogo, hutoa amri kwa kifua: vuta pumzi. Ndiyo sababu ukijaribu kubana pumzi, baada ya muda unashindwa. Si wewe unayeshindwa, ni yule mlinzi aliyekataa.

Pombe na kidonge pamoja humsinziza mlinzi huyo. Hewa ukaa inapanda, naye hashtuki. Pumzi zinakuwa chache, kisha fupi, kisha zinaacha nafasi katikati. Hewa safi inapungua kwenye damu, na ubongo unaokosa hewa safi huanza kuharibika ndani ya dakika chache.

Wakati huohuo misuli ya koo inalegea. Mtu aliyelala chali, ulimi wake huanguka nyuma na kuziba njia ya hewa nusu. Sauti inayotoka hapo ni mkoromo mzito, na ndugu husema, "Leo amelala kweli." Tena, mwili uliozama hivyo hauwezi kukohoa wala kugeuka. Akitapika, matapishi huingia kwenye mapafu.

Tufuate saa za usiku mmoja

Tuchukue mfano wa mkulima wa miaka 55 ambaye amepewa diazepamu ameze kidonge kimoja usiku. Saa 2 usiku anaanza kunywa gongo na wenzake. Hakuna ajuaye nguvu ya gongo ile, kwa sababu haina kipimo wala lebo. Ya leo inaweza kuwa kali kuliko ya jana kutoka kwa mpishi yuleyule. Saa 4 anarudi nyumbani, anaongea vizuri, anatembea mwenyewe. Anameza vidonge viwili badala ya kimoja, kwa sababu jana hakulala, kisha anajilaza.

Saa hiyo 4 bado hajafika kileleni. Pombe aliyokunywa mwisho ingali tumboni, inaendelea kuingia kwenye damu. Vidonge navyo huchukua kama saa moja mpaka saa moja na nusu kufikia nguvu yake yote, na zaidi kidogo tumbo likiwa na chakula. Maana yake kilele cha vyote viwili kinakuja kati ya saa 5 na saa 6 usiku, wakati nyumba nzima imelala. Waliomwona akiingia kwa miguu yake watasema asubuhi kwamba alikuwa mzima kabisa.

Jambo kama hilo lilimpata Karen Ann Quinlan, binti wa miaka 21 wa New Jersey, Marekani, mwezi Aprili 1975. Alikuwa amekula kidogo sana siku hizo, akatumia dawa ya kutuliza na akanywa pombe kwenye sherehe. Alipoanza kuyumba, marafiki walimpeleka nyumbani wakamlaza. Walipomwangalia tena, kama robo saa baadaye, hakuwa akipumua. Moyo wake uliokolewa, lakini hakupata fahamu tena mpaka alipofariki mwaka 1985. Marafiki wale hawakumtupa. Walifanya kile ambacho wengi wetu tungefanya: walimwacha alale.

"Leo sijameza, naweza kunywa?"

Swali hili ni zuri, na jibu lake huwashangaza wengi. Diazepamu hukaa mwilini muda mrefu. Baada ya siku moja mpaka mbili, karibu nusu yake bado imo, na ini huigeuza kuwa dawa nyingine inayokaa muda mrefu zaidi. Kwa wazee na wenye ugonjwa wa ini hukaa zaidi ya hapo. Kwa hiyo mtu anayemeza kila usiku, akiruka siku moja ili anywe kwenye harusi, bado anakunywa juu ya dawa.

Pombe nayo haifukuzwi kwa kahawa wala kwa maji ya baridi. Ini huiondoa kwa mwendo wake: bia moja ya nusu lita huchukua saa mbili au zaidi.

Hatari hii si ya diazepamu peke yake. Fenobabito, inayotumiwa na wengi wenye kifafa, ni kali zaidi kwa pumzi ikichanganywa na pombe. Vidonge vya maumivu vya tramado na dawa za kikohozi zenye kodeini nazo hupunguza pumzi. Kama dawa yako inakufanya usinzie, iulizie kabla ya kunywa.

Kinachoachwa hapa ni pombe, si dawa. Mwenye kifafa akiacha fenobabito ghafla anaweza kupata degedege lisilokoma, na aliyemeza diazepamu kila siku kwa wiki nyingi naye asiikate kwa siku moja. Na kama umekuwa ukinywa sana kila siku, kuacha ghafla nako kuna hatari yake, kwa hiyo nenda kituo cha afya wakusaidie kupunguza.

Amelala au anazama?

Simu yako inatosha kukusaidia. Kwanza mwite kwa jina kwa sauti, mtikise bega, kisha mbonyeze ukucha kwa nguvu. Aliyelala atafumbua macho, atakusukuma au atakutukana. Anayezama hatafanya lolote, au atanung'unika na kurudi palepale.

Pili, fungua saa ya simu, weka mkono kwenye kifua chake na uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20. Zikiwa chini ya 10, au kukiwa na kimya kirefu kati ya pumzi na pumzi, hiyo ni dharura. Usingoje zipungue zaidi. Tatu, washa tochi umulike ndani ya midomo, ufizi na kucha. Rangi ya bluu au kijivu maana yake hewa safi imepungua sana.

Mlaze ubavu, goti la juu likunjwe mbele ili asirudi chali, na kichwa kielekee nyuma kidogo ili koo lifunguke na matapishi yatoke nje. Mtu mmoja abaki naye muda wote. Usimpe maziwa, kahawa wala maji ya chumvi, usimtapishe, na usimwagie maji wala kumlazimisha kutembea. Kila kinachoingia mdomoni mwake kinaweza kwenda kwenye mapafu. Akiacha kupumua kabisa, mpe pumzi mdomo kwa mdomo na kumkandamiza kifua: mikandamizo 30, pumzi 2, bila kuacha.

Tafuteni gari au bajaji ambamo anaweza kulala ubavu njiani. Kumkalisha kwenye bodaboda kati ya watu wawili, kichwa kikining'inia kifuani, hufunga njia ya hewa katika safari ambayo ingemwokoa. Chukueni pakiti ya dawa, hata ikiwa tupu, na mwambieni mhudumu ukweli: alikunywa nini, alimeza vingapi, saa ngapi. Ipo dawa inayozuia nguvu ya diazepamu, lakini haigusi pombe na yenyewe inaweza kuleta degedege, kwa hiyo kazi kubwa ya hospitali ni kumpa hewa na kumsaidia kupumua mpaka mwili uviondoe vyote viwili. Mkificha pombe kwa aibu, mhudumu anaweza kutibu nusu ya tatizo.

Na kama mmoja wa nyumbani kwako ameingia usiku amelewa, na unajua humeza vidonge, usimfungie mlango ukaenda kulala. Weka kengele ya simu ilie kila baada ya robo saa kwa saa mbili za mwanzo, na kila inapolia mwite jina lake mpaka akujibu.