Mshahara Unaofungwa na Ruzuku

Mshahara wa afisa mradi katika asasi isiyo ya kiserikali huwa umepangwa kabla hajaajiriwa. Bajeti ya ruzuku hutaja cheo, kiasi cha mwezi na asilimia ya muda wake ambayo mfadhili atailipia, mara nyingi kwa miaka mitatu hadi mitano. Bei za sokoni hazisubiri.

Chukua mfano wa afisa wa Dodoma anayelipwa shilingi 2,000,000, asilimia 60 kutoka kwa mfadhili wa kwanza na 40 kwa wa pili. Asasi ikitaka kumwongezea 200,000, wa kwanza anaweza kukubali kubeba 120,000 kwa kupunguza fungu la mafunzo. Wa pili akikataa, 80,000 zilizobaki haziwezi kuhamishiwa kwa wa kwanza, kwa sababu jedwali la muda wa kazi linaonyesha nani alifanyiwa kazi gani. Mkaguzi akikuta vinginevyo, gharama hukataliwa na asasi hurudisha fedha. Juu ya hapo kuna mchango wa mwajiri wa NSSF, angalau asilimia 10 ya mshahara, ambao nao hupanda.

Pengo hilo huzibwa na fedha zisizo na masharti, ambazo asasi nyingi ndogo hazina. Bima ya familia, likizo ya uzazi na kiinua mgongo visipoandikwa kwenye bajeti tangu mwanzo, ni vigumu kuviingiza baadaye, na mkataba wenyewe huisha pamoja na ruzuku.